Bei Zilipoanikwa, Zege Likapanda: Mhadhara juu ya Njama ya Bei na Uzito wa Kesho



Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ya Denmark iliamua kuwafanyia hisani wanunuzi wa zege. Hisani ile iliwatokea puani, na sababu yake ndiyo nitakayoieleza leo. Itanibidi nitumie hesabu kidogo. Aliyemaliza kidato cha pili ataifuata bila taabu.

Zege ninalolisema ni lile linalochanganywa kiwandani na kupelekwa saiti kwa lori lenye pipa linalozunguka. Lori likichelewa njiani mzigo huanza kuganda, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuuza mbali na kilipo. Nchi inaweza kuwa na viwanda vingi, lakini kila eneo likabaki na wachache tu wanaogombea wakandarasi walewale. Isitoshe, zege la daraja moja ni lilelile, liwe limetoka kiwanda hiki au kile. Hakuna cha kujivunia isipokuwa bei.

Denmark kila kiwanda kilikuwa na orodha yake ya bei, lakini orodha ile ilikuwa ya kuonyesha tu. Mkandarasi alipopiga simu, mazungumzo ya kweli yalianza: kazi ni kubwa kiasi gani, utalipa lini, jirani yangu amekupa ngapi. Mwisho wake alipata punguzo, na punguzo lile lilibaki kati yake na muuzaji. Mkandarasi wa pili hakujua, na kiwanda cha pili nacho hakikujua.

Mamlaka ikaona hiyo siri ndiyo kasoro. Sheria ya ushindani ya Denmark ya wakati ule iliegemea sana uwazi: soko likionekana, litajinyoosha lenyewe. Basi ikaanza kukusanya bei halisi, yaani zile zilizolipwa baada ya punguzo, kwa madaraja mawili ya zege katika maeneo matatu ya nchi, na kuzichapisha kampuni kwa kampuni. Mnunuzi sasa angeweza kusoma nani anauza rahisi na kumfuata. Ndani ya mwaka mmoja wastani wa bei za madaraja yale ulikuwa umepanda kwa asilimia 15 hadi 20.

Wanauchumi watatu wa huko, Svend Albæk, Peter Møllgaard na Per Overgaard, waliichambua kadhia hii katika makala iliyotoka mwaka 1997. Walianza kwa kuuliza maswali ambayo yeyote mwenye busara angeuliza. Je, ujenzi ulikuwa umechangamka? Je, viwanda vilikuwa vimezidiwa na oda? Wakaona sababu hizo hazielezi sehemu kubwa ya kupanda kule. Maelezo waliyoyapa uzito ni kwamba kule kuchapishwa kwa bei ndiko kulikowawezesha wauzaji kupunguza ushindani baina yao.

Je, waliketi mahali wakakubaliana? Hoja haihitaji wawe wameketi. Hapo ndipo nadharia ya michezo inapotufaa.

Tuweke mfano mdogo. Viwanda viwili, A na B, katika mji mmoja. Kutengeneza na kufikisha mita moja ya ujazo ya zege kunagharimu shilingi 200,000. Wakandarasi wa mji wanahitaji mita 1,000 kwa mwezi na wako tayari kulipa mpaka 240,000. Bei ikizidi hapo wataweka mashine zao za kuchanganyia saiti. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi.

Wakiuza wote kwa 240,000, faida ya mji mzima ni milioni 40 kwa mwezi, na kila mmoja anapata milioni 20. Sasa mweke A peke yake ofisini na simu. Akishusha hadi 239,000 anawachukua wateja wote, na faida yake inakuwa milioni 39. B naye ana simu, na hesabu hiyohiyo anaijua. Akishusha hadi 238,000 anawachukua wote yeye. Wataendelea kuvunja bei mpaka wafike karibu na 200,000, pale ambapo kushuka zaidi ni hasara. Mfaransa Joseph Bertrand alilisema jambo hili tangu mwaka 1883: wauzaji wawili tu wa bidhaa isiyo na tofauti wanatosha kuifikisha bei kwenye gharama. Lakini mchezo wa Bertrand unachezwa mara moja, halafu kila mtu anakwenda zake. A na B watafungua ofisi mwezi ujao pia, na mwezi wa baada yake.

Mchezo ukirudiwa, kila mmoja anaweza kuufanya mwenendo wake wa kesho uutegemee mwenendo wa mwenzake wa leo. Mkakati mkali kuliko yote ni huu: nitauza kwa 240,000 maadamu nawe unauza kwa 240,000, siku nikigundua umeshusha hata mara moja, mimi nitauza kwa gharama milele, na hakuna cha kusuluhishwa. Tuuite mkakati wa kifyatuo, kwa kuwa ukishafyatuka haurudi. James Friedman ndiye aliyeonyesha kwa hesabu, katika makala ya mwaka 1971, kwamba vitisho vya namna hii vinaweza kushikilia bei ya juu bila mkataba, bila mahakama na bila mtu kuwa mwema.

Mtu ataniuliza: kitisho hicho si cha maneno matupu? Kwa nini B ajitie hasara milele ili kumkomoa A? Jibu ni kwamba bei ikishafika kwenye gharama, B hana namna ya kufanya vizuri zaidi. Kama A anauza kwa 200,000, B akipandisha atakosa wateja, na akishusha atapata hasara. Adhabu haimgharimu chochote zaidi ya kile ambacho tayari kimepotea. Ndiyo maana inaaminika.

Swali linalobaki ni la subira. A anapima milioni 40 za mwezi huu, kwa makadirio, na baada yake sifuri, dhidi ya milioni 20 kila mwezi bila kikomo. Fedha ya mwezi ujao haina uzito sawa na ya leo. Hebu tuandike δ, herufi ya Kigiriki inayosomwa delta, kwa uzito huo: shilingi moja ya mwezi ujao ina thamani ya δ leo, ya mwezi wa pili δ mara δ, na kadhalika. Ukizijumlisha milioni 20 zote kwa uzito wake unapata 20 ikigawanywa kwa (1 − δ). A atatulia kama

20 / (1 − δ) ≥ 40

yaani kama δ ni nusu au zaidi. Mfanyabiashara ambaye kwake shilingi ya mwezi ujao ina thamani ya senti 50 leo, au zaidi, hana sababu ya kuvunja bei.

Viwanda vikiongezeka na kugawana soko sawasawa, sharti linakuwa gumu. Vikiwa n, kila kimoja kinapata fungu moja katika n, na kishawishi cha kuchukua soko zima ni kikubwa zaidi. Hesabu ileile inatoa

δ ≥ 1 − 1/n

Viwanda vitano vinahitaji δ ya 0.8, na kumi vinahitaji 0.9. Kama mafungu hayalingani, anayeamua ni yule mdogo. Mwenye asilimia 10 ya soko ana kidogo cha kupoteza na kingi cha kunyakua, kwa hiyo yeye peke yake anahitaji δ ya 0.9 hata kama mwenzake mwenye asilimia 90 ametosheka kabisa. Wakubwa katika njama ya bei huwachunga wadogo kwa sababu hiyo, na mara nyingine huwaachia fungu kubwa kuliko uwezo wao ili watulie.

Hadi hapa nimesema kile kinachosemwa katika kila darasa. Sasa tukiangalie kwa jicho kali, maana kina kasoro ambayo vitabu vingi huipita haraka.

Chukua riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ambayo si ndogo. δ inakuwa 1/1.02, yaani karibu 0.98. Iweke kwenye sharti letu: viwanda viwili vinahitaji 0.5 tu, kumi vinahitaji 0.9, na hata hamsini vinahitaji 0.98. Kwa hesabu hii wauzaji hamsini wa zege wangeweza kushikilia bei ya juu kimyakimya. Hakuna anayelijua soko atakayeliamini hilo. Nadharia inayothibitisha mambo mengi kiasi hicho ina kitu imekisahau.

Ilichokisahau ni simu. Tulichukulia kwamba A akishusha bei mwezi huu, wenzake watajua mwezi ujao. Lakini punguzo la Denmark lilikuwa siri. Muuzaji aliona oda zimepungua, akajiuliza kama kuna aliyemchezea rafu au ujenzi umepoa tu. Tuseme basi kwamba msaliti hugunduliwa baada ya miezi k. Muda wote huo anakula faida ya soko zima, kisha adhabu inaanza. Sharti linageuka kuwa

δ^k ≥ 1 − 1/n

Badiliko linaonekana dogo, lakini ndilo lenye nguvu. Turudi kwa viwanda kumi na riba ya asilimia 2. Usaliti ukigunduliwa ndani ya miezi mitano, δ^5 ni 0.906, na sharti la 0.9 limetimia kwa chupuchupu: bei ya juu inashikika. Ukigunduliwa baada ya miezi sita, δ^6 ni 0.888, na kila mmoja ataona heri avunje. Mwezi mmoja tu wa kuchelewa kujua unatenganisha soko lenye bei ya 240,000 na soko lenye bei ya 200,000. Kwa viwanda vitano mpaka uko kati ya mwezi wa 11 na wa 12. Kwa viwili unafika miezi 35, ambao ni muda mrefu mno; wawili hawahitaji msaada wa mtu.

Riba haikuguswa. Hakuna aliyeongezewa subira wala aliyepunguziwa tamaa. Kilichobadilika ni muda wa kujua. Nami nadhani watu wanapoifundisha δ kama subira ya mfanyabiashara wanawaelekeza wanafunzi mahali pasipo na shughuli nyingi. Riba hupanda na kushuka kwa sehemu ndogo za asilimia. Muda wa kugundua usaliti unaweza kutoka mwaka hadi mwezi kwa tangazo moja la serikali.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya mwaka 1993, kiwanda cha Denmark kilichotaka kujua jirani anauzaje kilitegemea maneno ya wakandarasi, na mkandarasi anayetaka punguzo ana kila sababu ya kudanganya kuhusu punguzo alilopewa kwingine. Baada ya hapo kiwanda kilisoma bei halisi ya kila mshindani kwenye chapisho la mamlaka. Aliyeshusha alionekana yeye na kiasi alichoshusha, kwa karatasi rasmi isiyo na uvumi. Serikali ilikuwa imejitolea, kwa gharama yake, kuwa mlinzi wa njama ambayo wahusika wenyewe huenda hawakuwahi kuitamka.

Dalili ya pili iko ndani ya takwimu zenyewe. Bei hazikupanda tu, bali zilisogeleana. Mwanzoni kampuni zilitofautiana sana, kisha zile za chini zikapanda kuzifuata za juu. Gharama ya saruji au kokoto ingekuwa ndiyo sababu, ningetarajia zote zipande pamoja na pengo libaki palepale. Pengo kuzibika kutoka chini kunafanana zaidi na watu waliogundua kwamba walikuwa wakiuza rahisi bila sababu.

Sasa niseme mipaka ya hesabu hii, kwa sababu wanafunzi wangu hupenda kuibeba mbali kuliko inavyostahili.

Kwanza, kesho lazima iwe haijulikani mwisho wake. Kama A na B wanajua kwamba mji utajengwa kwa miezi 24 na kisha wote wataondoka, mwezi wa 24 hauna adhabu mbele yake, kwa hiyo watavunja bei. Wakijua hilo, mwezi wa 23 nao hauna cha kuulinda, na hoja inarudi nyuma hivyohivyo hadi mwezi wa kwanza. Mwisho usiojulikana una athari tofauti: kama kila mwezi kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba soko litakufa, δ inakuwa 0.9 ikigawanywa kwa 1.02, karibu 0.88. Viwanda viwili vilivyoweza kuvumilia miezi 35 ya giza sasa vinaweza mitano tu. Soko lenye mashaka ni adui mkubwa wa njama kuliko riba kubwa.

Pili, sharti likitimia linatuambia kwamba bei ya 240,000 inawezekana, halituambii kwamba itatokea. Kwa δ hiyohiyo, bei ya 230,000 inashikika pia, na ya 215,000, na hata ya 200,000. Wauzaji wanahitaji namna ya kukutana kwenye bei moja. Chapisho la mamlaka liliwapa na hilo: orodha ambayo kila mtu anajua kwamba kila mtu ameisoma.

Tatu, na hili ndilo la kuvutia zaidi, kifyatuo kikali hakifai pale macho yanapoona ukungu. Marekani katika miaka ya 1880 reli zilizobeba nafaka kutoka Chicago kwenda pwani ya mashariki zilikuwa na kamati yao ya pamoja. Sheria ya Sherman ya kupinga njama za kibiashara ilikuwa bado, ilikuja mwaka 1890, kwa hiyo walifanya mambo yao waziwazi. Kamati ilitoa hesabu za kila wiki za mizigo, na kila reli iliona fungu lake. Lakini mahitaji yalikuwa yakiyumba. Wiki ambayo fungu lako limepungua huwezi kujua kwa hakika kama mwenzako ametoa punguzo la pembeni au bahati tu imekuendea kombo. Robert Porter alizipima takwimu za kamati ile za mwaka 1880 hadi 1886 na kuona vipindi vya bei kuanguka vikifuatiwa na vipindi vya kurudi juu. Yeye na Edward Green walikuwa wameijengea hali hiyo nadharia: adhabu ipo, lakini ina kikomo. Kama kifyatuo kingekuwa cha milele, wiki moja ya bahati mbaya ingeiua kamati. Kama kusingekuwa na adhabu kabisa, kila mtu angeiba. Basi vita vya bei hutokea hata pale ambapo hakuna aliyesaliti, na wahusika wanalijua hilo, na bado wanapigana kwa muda kabla ya kurudi kwenye bei ya juu. Anayeona bei zimeanguka ghafla na kusema njama imekufa anaweza kuwa anaangalia njama ikifanya kazi yake.

Nirudi nyumbani kidogo, maana najua mnalingojea. Tanzania EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na matangazo yake huvitaka vituo kuonyesha bei na punguzo kwenye mabango yanayoonekana wazi. Sisemi kwamba vituo vyetu vinakula njama. Sina ushahidi na si kazi yangu kutuhumu. Ninachosema ni cha hesabu tu. Bango la bei linamsaidia dereva anayepita, na linamsaidia kwa kiasi kilekile mwenye kituo cha ng'ambo ya barabara, ambaye k yake sasa inapimwa kwa dakika. Na bei kikomo, iliyowekwa kumlinda mnunuzi, inaweza kuwa ndiyo namba ambayo wote wanakutana bila kusemezana. Anayetaka kujua afuatilie vituo vingapi huuza chini ya kikomo, kwa kiasi gani, na kama pengo hilo linapungua katika miji yenye vituo vichache. Hiyo ni kazi nzuri ya tasnifu ya uzamili na haihitaji zaidi ya daftari na pikipiki.

Kuna ugumu wa kisheria ambao sitaumaliza leo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei, na kwa uzito unaostahili. Lakini hesabu niliyowaonyesha haina makubaliano ndani yake. Kila kiwanda kinaangalia maslahi yake, kinasoma karatasi ya serikali, na kinaacha kushusha. Tume ya Ushindani ikivamia ofisi zao itakuta nini? Haitakuta barua wala kumbukumbu za kikao. Itakuta chapisho la serikali.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wale mnaoandika kanuni, na naona baadhi yenu mmeketi hapa mbele. Kabla ya kuagiza bei zichapishwe, ulizeni nani atafaidika kuzijua na atazijua upesi kiasi gani. Pale ambapo wanunuzi ni wengi na wadogo, kama madereva, wapeni bei. Pale ambapo wauzaji ni wachache na wanunuzi ni wakandarasi wanaojua kupiga simu, chapisheni wastani wa eneo, bila majina ya kampuni, na muucheleweshe kwa miezi kadhaa. Na siku mtakapoona wauzaji wenyewe wanakuja kuwaomba mchapishe bei zao kila wiki kwa ajili ya uwazi, msiwakubalie.